Mtoto akipaliwa na njugu: mapigo matano mgongoni, na ile nusu inayobaki

Kisa hiki kilitokea mtaani kwetu hapa Mombasa, na mama wa mtoto ameniruhusu nikisimulie bila kutaja majina. Ilikuwa jioni. Babu alikuwa barazani na wenzake, kahawa chungu imeshamiminwa, na kwenye karatasi iliyokunjwa kulikuwa na njugu za kukaanga. Mjukuu wake, mvulana wa mwaka 1 na miezi 10, alikuwa akizunguka kwenye magoti ya wazee. Babu akampa njugu mbili tatu, kama alivyowapa watoto wake wote zamani. Mtoto akazitia zote mdomoni, mzee mmoja akamchekesha, naye akacheka.

Kicheko kikakatika katikati. Alikohoa mara mbili kwa nguvu, kisha sauti ikapotea kabisa. Mdomo wazi, macho yamemtoka, mikono inapapasa hewa. Mzee mmoja akasema apewe maji. Mwengine akataka kumtia kidole kooni. Shangazi yake, ambaye aliwahi kufundishwa huduma ya kwanza alipokuwa akifanya kazi katika chekechea, alitoka ndani mbio, akaketi, akamlaza kifudifudi juu ya mapaja yake kichwa kikielekea chini, akampiga mgongoni. Pigo la nne likatoa kitu. Kipande cha njugu kilianguka sakafuni na mtoto akalia kwa sauti kubwa.

Wazee wakahimidi. Shangazi akasema, "Baba, afadhali apelekwe hospitali akaangaliwe." Mzee akajibu, "Mwanangu, si analia? Mtoto akilia ashapona." Na kwa kuwa mtoto alirudi kucheza baada ya nusu saa, maneno ya mzee ndiyo yaliyofuatwa.

Shangazi alifanya kila kitu sawa, na kwa hakika aliokoa maisha pale. Mzee naye alikosea, lakini kosa lake ni lile ambalo wengi wetu tungelifanya. Kilichoanguka sakafuni kilikuwa nusu ya njugu. Hakuna aliyejiuliza nusu ya pili iko wapi.

Kwa nini njugu

Meno ya mbele ya mtoto mdogo yanaweza kupasua njugu, lakini hayawezi kuisaga. Kazi ya kusaga ni ya magego, na magego ya mwisho ya utotoni hutoka mtoto akiwa na miaka miwili hadi mitatu hivi. Hata yakishatoka, mtoto huchukua muda kujifunza kutafuna sawasawa. Kwa hiyo njugu aliyopewa mtoto wa umri huo huingia mdomoni nzima au hupasuka nusu mbili, na kila nusu ni ngumu, ni laini juu, na inateleza.

Nyuma ya ulimi kuna njia mbili. Moja ni ya chakula kwenda tumboni, na nyengine, iliyo mbele yake, ni ya hewa kwenda mapafuni. Tunapomeza, kuna kifuniko kinachoziba njia ya hewa. Tunapocheka, kulia, kukimbia au kushtuka, tunavuta pumzi kwa ghafla na njia ile huwa wazi. Ndiyo maana mtoto hupaliwa akiwa anacheka au anakimbia na kitu mdomoni. Na njia hiyo ya hewa ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Mtazame mtoto wako kidole chake cha mwisho: upana wa bomba lake la hewa unakaribia huo. Nusu ya njugu inatosha kuliziba.

Hapa Pwani tuna jambo jengine linalotuchanganya, nalo ni mwiba wa samaki. Karibu kila mtu amewahi kukwamwa na mwiba, na tangu utotoni tumeambiwa tumeze tonge la wali au ndizi ili uteremke. Nisiingie sasa katika mjadala kama tonge hilo lafaa kwa mwiba. Ninachotaka kusema ni kwamba mwiba hukwama katika njia ya chakula au kwenye koo la juu, na mtu huyo anapumua na anaongea huku akilalamika. Njugu iliyompalia mtoto imo katika njia ya hewa. Tonge, ndizi au maji havipiti huko, na vikipita vinaongeza kizuizi. Dawa ya mwiba usiipeleke kwa njugu.

Sikiliza kwanza

Kabla hujampiga mtoto hata pigo moja, sikiliza. Mtoto anayekohoa kwa sauti, anayelia au anayeweza kusema neno, bado anapitisha hewa. Kikohozi chake mwenyewe kina nguvu kuliko mkono wako. Mkalishe wima au ameinama mbele kidogo, umwambie, "Kohoa mwanangu, kohoa," na ukae naye uso kwa uso. Usimpige mgongo wakati huo. Kipande kilichokaa pembeni na kuacha upenyo kinaweza kusogea na kuziba njia yote.

Mambo hubadilika kikohozi kinapokosa sauti. Mtoto anafungua mdomo na hakuna kinachotoka, au kinatoka kimlio chembamba anapojaribu kuvuta pumzi. Hawezi kulia. Midomo hugeuka rangi, na kwa ngozi zetu usitazame shavu, tazama ndani ya midomo, ulimi na ufizi, ndipo utakapoona rangi ya buluu au ya majivu. Hapo una dakika chache tu kabla ubongo haujaanza kuumia kwa kukosa hewa, kwa hivyo anza mara moja palepale ulipo. Piga kelele ili mtu mwengine apige simu 999 au 112 na atafute gari. Wewe usiache mtoto kwenda kutafuta simu, na usianze kumbeba kukimbilia barabarani. Mtoto asiyepitisha hewa hafiki hospitali ya mbali akiwa hai kwa sababu tu tuktuk ilikwenda kasi.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja

Ketini chini au kwenye kiti kifupi. Mlaze mtoto kifudifudi juu ya mkono wako, kifua chake kikilalia kigasha chako, na mkono huo uuegemeze kwenye paja ili usichoke. Kichwa kiwe chini kuliko kifua. Kishike kwa kuweka kidole gumba upande mmoja wa taya na vidole viwili upande wa pili, kwenye mfupa. Usibane nyama laini iliyo chini ya kidevu, maana hapo unamziba zaidi.

Sasa, kwa sehemu ngumu ya chini ya kiganja cha mkono wa pili, pale kinapoungana na kifundo, piga katikati ya mgongo, baina ya mabega. Piga hadi mara 5. Kila pigo liwe na nia yake peke yake, kana kwamba hilo moja ndilo litakalokitoa kitu, na baada ya kila pigo tazama kama kuna kilichotoka. Wengi hupapasa kwa huruma kama wanaomtoa mtoto mcheuo. Hilo halisaidii. Pigo lapaswa kuwa la kweli, la kuusukuma upepo uliomo kifuani, ingawa si la kumvunja mtoto.

Kama hakijatoka, mgeuze chali juu ya mkono mwengine, kichwa bado kikiwa chini. Tafuta mfupa wa katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari unaopita kwenye chuchu mbili. Bonyeza hapo hadi mara 5, kila mbonyezo ukizamisha kifua kama theluthi ya unene wake, yaani sentimita 4 hivi, kwa ghafla na kwa nafasi ya kama sekunde moja baina ya mmoja na mwengine. Waliosomea huduma ya kwanza zamani walifundishwa kutumia vidole viwili. Mwongozo wa mwaka 2025 wa Chama cha Moyo cha Marekani unataka kiganja kimoja, ile sehemu yake ngumu ya chini, kwa sababu vidole huchoka na havizamishi vya kutosha. Kama mkononi mwako una vidole viwili ulivyozoea, usisimame kuwaza, bonyeza.

Kisha rudi mgongoni, mara 5, halafu kifuani, mara 5. Endelea hivyo mpaka kitu kitoke, mtoto alie, au alegee.

Usimbonyeze tumbo mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Ini lake ni kubwa na linachungulia chini ya mbavu, na huweza kupasuka. Wala usimshike miguu ukamning'iniza kichwa chini na kumtikisa. Bibi zetu walifanya hivyo na wengine wanaapa kwamba kilitoka, lakini mtoto akiponyoka ni kichwa kinachofika sakafuni kwanza, na shingo yake haiwezi kuhimili mtikiso ule. Mkao wa mkononi nilioueleza unakupa uzito uleule wa kuvuta kitu chini, na mtoto yuko salama mikononi mwako.

Aliyezidi mwaka mmoja

Huyu mpigie mgongoni pia kwanza, mara 5, mahali palepale baina ya mabega. Akiwa mdogo kama yule wa mtaani kwetu, mlaze kifudifudi mapajani kama alivyofanya shangazi. Akiwa mkubwa, simama ubavuni mwake kidogo kwa nyuma, muinamishe mbele sana huku mkono mmoja ukimshika kifuani, upige kwa mwengine. Kuinama ni muhimu. Ukimpiga akiwa amesimama wima, kitu kikiachia kinaweza kuteremka badala ya kutoka.

Yasipofaa, nenda kwenye tumbo. Piga magoti nyuma yake ili kimo chenu kilingane, mzungushie mikono, kunja ngumi uiweke baina ya kitovu na ncha ya chini ya mfupa wa kifua, ishike ngumi hiyo kwa mkono wa pili, kisha vuta ndani na juu kwa pamoja, kwa ghafla, hadi mara 5. Usiiweke juu ya mbavu wala juu ya ile ncha ya mfupa. Halafu mgongo tena mara 5, tumbo tena mara 5.

Kuna watu watakaokwambia kwamba kupiga mgongo ni hatari na kwamba njia ni ya tumbo tu. Hawakulitunga hilo. Daktari Mmarekani Henry Heimlich ndiye aliyetangaza njia ya kuvuta tumbo mwaka 1974, na yeye alipinga vikali mapigo ya mgongo maisha yake yote. Kwa miaka mingi mafunzo ya Marekani yalimfuata, huku ya Ulaya yakiendelea kuanza na mgongo. Ndipo mtu aliyesomea kozi moja anapogombana na aliyesomea nyengine wakati mtoto amekabwa mbele yao. Mwongozo wa Marekani wa 2025 niliotaja umerudi kwenye mgongo kwanza, kwa watoto na hata watu wazima, kwa hiyo ugomvi huo kwa sasa umekwisha.

Na kidole? Kidole kinaingia mdomoni kwa sharti moja tu: unakiona kitu. Ukikiona mbele, kitoe kwa upande kama unavyokokota kitu na ndoana. Usipokiona, usichokoe. Koo la mtoto ni fupi, na njugu inateleza. Kidole kisichoona huishindilia pale pasipofikika, na huchubua koo likavimba.

Akilegea

Mtoto akilegea na asiitikie, acha mapigo ya mgongo. Mlaze chali juu ya kitu kigumu, sakafu inafaa kuliko kitanda. Kama simu haijapigwa, iweke kwenye spika huku ukiendelea na kazi. Bonyeza katikati ya kifua mara 30, haraka, mibonyezo kama 100 hadi 120 kwa dakika, ukizamisha theluthi ya kifua na kukiacha kinyanyuke. Kisha fungua mdomo utazame. Ukiona kitu, kitoe. Usipoona, inua kidevu, mpulizie pumzi 2 polepole: kwa mtoto mchanga mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja, na kwa mkubwa mbane pua. Pumzi ikigoma kuingia, rekebisha kichwa, jaribu tena, kisha rudi kwenye mibonyezo 30. Kila unapomaliza mibonyezo, tazama mdomoni kabla ya kupuliza, kwa sababu mibonyezo yenyewe inasukuma kitu juu. Usiache mpaka apumue au afike aliye na ujuzi kukuzidi.

Hata kama njugu haikutoka bali imesukumwa upande mmoja wa pafu, hilo linaweza kumwachia hewa ya upande wa pili. Ndiyo maana watu huona mtoto "amerudi" bila kuona kitu kimetoka. Na hapa ndipo ninaporudi kwa yule mvulana.

Nusu iliyobaki

Usiku ule alikohoa kikohozi kikavu mara kadhaa, akalala. Kesho yake na siku iliyofuata alikuwa mchangamfu, anakula, anacheza. Kipindi hiki cha utulivu ndicho kinachowadanganya watu wengi, na wakati mwengine kinawadanganya hata wahudumu wa afya. Njugu ikishapita koo na kuingia katika tawi moja la bomba la hewa, mara nyingi la kulia kwa kuwa ndilo pana na lililonyooka zaidi, kuta za pale huzoea kuguswa na kikohozi hutulia. Kitu bado kiko mahali pake.

Siku ya tano kikohozi kilirudi, na sasa mama alisikia kifua kikilia kama filimbi mtoto anapotoa pumzi. Zahanati moja ilimpa dawa ya kikohozi. Siku chache baadaye aliambiwa huenda ni pumu, akapewa dawa ya kuvuta, na nafuu aliyopata ikawa kidogo tu. Alipigwa picha ya eksirei, ikatoka safi. Wiki ya tatu homa ikapanda. Kituo cha tatu kilimpokea afisa wa kliniki kijana ambaye, baada ya kusikiliza kifua, alimuuliza mama swali moja: "Mama, filimbi hii naisikia upande wa kulia tu. Hakuwahi kupaliwa na kitu?" Mama akakumbuka barazani. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye hakudhani jambo lililokwisha lina uhusiano na kikohozi.

Ile picha safi inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo iliyowapotezea siku nyingi. Eksirei huonyesha vizuri sarafu, sindano, betri ya saa. Njugu ni chakula, na mionzi huipita karibu kama inavyopita nyama ya mwili. Njugu yenyewe haionekani. Kinachoweza kuonekana ni athari yake: pafu la upande mmoja lililojaa hewa kupita kiasi, kwa kuwa hewa huingia mtoto anapovuta pumzi na kunaswa anapoitoa, au sehemu ya pafu iliyosinyaa. Siku za mwanzo hata hayo yanaweza yasionekane. Kwa hiyo eksirei safi haimaanishi hakuna njugu. Kisa chenyewe, yaani mtoto alikuwa mzima, akala njugu, akapaliwa ghafla, kina uzito kuliko picha.

Na njugu si kama shanga ambayo ingekaa tu. Hunyonya unyevu, huvimba na kulainika. Mafuta yake huwasha utando wa njia ya hewa, utando unavimba na kutoa makohozi mazito, na nyuma ya kizuizi hicho maambukizi hupata makao. Ndiyo nimonia ile inayopona kwa antibiotiki na kurudi palepale baada ya wiki mbili. Kadiri siku zinavyopita ndivyo njugu inavyozidi kulegea, na daktari anapoishika kwa koleo humomonyoka vipande. Iliyotolewa siku ya kwanza hutoka nzima.

Mvulana alipelekwa hospitali ya rufaa. Alipewa dawa ya usingizi, na daktari wa masikio, pua na koo akapitisha mdomoni mrija mgumu wenye taa hadi ndani ya tawi la kulia la bomba la hewa. Hakuna kisu kinachotumika. Kipimo hicho kinaitwa bronkoskopi, na si kigeni: Mjerumani Gustav Killian alitoa mfupa katika pafu la mkulima kwa njia hiyo mwaka 1897. Kilichotoka kwa mtoto wetu ni nusu ya njugu, laini kama iliyochemshwa, na kipande cha ganda lake jekundu. Zilikuwa zimepita siku 19.

Lini uende, na useme nini

Kwa maoni yangu sheria ya nyumbani iwe nyepesi. Mtoto aliyepaliwa na njugu akanyamaza, akageuka rangi, au akahitaji mapigo, aende hospitali siku hiyohiyo hata akionekana mzima. Aliyevutwa tumbo au kubonyezwa kifua aende bila mjadala, kwa sababu ini, wengu au mbavu huweza kuumia ndani bila alama ya nje. Aliyekohoa tu kwa sauti, kisha njugu nzima ikatoka mbele ya macho yako na kikohozi kikaisha kabisa, huyo unaweza kumwangalia nyumbani. Lakini neno "nzima" nimelisema kwa makusudi. Okota kilichotoka, kitazame. Kama ni nusu, au kama hujui alitia ngapi mdomoni, hesabu kwamba kuna kilichobaki.

Usingoje asubuhi ikiwa kikohozi hakiishi, sauti imekuwa ya mikwaruzo, kifua kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani anapopumua, au anakataa kula na kutokwa udenda. Kipande kilichokaa chini kinaweza kukoholewa kikapanda na kuziba juu, na hilo likitokea usiku kila mtu amelala, hakuna wa kulisikia. Wanaokaa Faza au Pate, ambako safari huanza kwa boti, waondoke mchana wakiwa bado na nafasi ya kuchagua.

Njiani mpakate akiwa amekaa wima, asilazwe. Mwengine aendeshe, wewe mikono yako iwe huru. Usimpe chakula, maana akihitaji dawa ya usingizi tumbo tupu ni salama zaidi. Chukua kipande kilichotoka na njugu nyengine chache kwenye karatasi, daktari ajue ukubwa wake.

Mapokezini usiseme "mtoto anakohoa," kwani utapangiwa foleni ya vikohozi. Sema: "Alikuwa mzima, alikula njugu saa kumi na moja, akapaliwa, sauti ikapotea, tukampiga mgongoni, kikatoka kipande." Ukiambiwa picha ni safi na bado anakohoa au filimbi iko upande mmoja, uliza waziwazi kama anahitaji bronkoskopi na ni hospitali gani ya rufaa inayoifanya siku hiyo. Si utovu wa adabu kumuuliza daktari hivyo. Na kama miezi imepita, mtoto ana pumu isiyosikia dawa au nimonia inayorudi upande uleule, kumbuka nyuma kama kulikuwa na siku ya njugu, ukaiseme hata kama uliidharau.

Kuhusu kumpa au kutompa, njugu nzima zisimfikie mtoto wa chini ya miaka mitano, pamoja na kashata, ambayo ni njugu zilezile ndani ya sukari ngumu. Njugu zilizosagwa laini zikakorogwa kwenye uji hazina tatizo hili, ila siagi nzito ya njugu isitiwe mdomoni kwa kijiko kikavu, kwa sababu nayo hunata na kuziba koo. Barazani kwa yule mzee karatasi ya njugu siku hizi hukaa juu ya dirisha, na mjukuu, ambaye sasa anakimbia mtaa mzima, hupewa tende iliyotolewa kokwa na kukatwakatwa, akiwa ameketi.